Siringi Wadau, Sisikii: Jinsi Nilivyoacha Kuitikia Tu Kwenye Hafla za Koneksheni

Mimi ni msomaji wa siku nyingi, huwa napita kimya kimya, nacheka na komenti zenu kisha naondoka. Leo naomba na mimi nifunguke, maana kuna jambo limenikaa kooni tangu mwaka juzi.

Kuna dada mmoja hapa mjini, simtaji, ila mkikutana naye mtaomba selfi. Anamiliki biashara ya vipodozi na anajulikana kwa kuwainua mabinti wenzake. Siku moja aliandika kwenye stetasi yake: "Kuna watu mnawasogelea mkiwa na kazi mkononi, wanakugeuzia mgongo. Riziki ina adabu yake." Hakutaja jina. Lakini watu watatu walinitumia picha ya ile stetasi, wote na swali moja: "Si wewe huyu?"

Ndiyo, alikuwa mimi. Na ubaya wake ni kwamba hadi naisoma ile stetasi, sikuwa na habari kama yule dada aliwahi kunisogelea.

Nina miaka 31, nafanya kazi za grafiki: nembo, mabango, vifungashio. Nilipokuwa na miaka 19 niliugua homa ya uti wa mgongo. Nilipona, ila masikio hayakurudi kama zamani. Navaa vifaa vya kusaidia kusikia pande zote mbili, vidogo, nywele zinavifunika. Chumbani kwenye utulivu tukikaa wawili unaweza kuongea na mimi saa nzima usijue chochote. Ndiyo maana watu wakisikia nina shida ya kusikia husema "mbona unasikia vizuri tu?"

Sasa nipeleke kwenye hafla ya koneksheni, zile za jioni, ghorofa ya juu, watu wamesimama na glasi mkononi na dijei yuko kazini. Usiku ule wa stetasi ilikuwa Masaki, sakafu ya vigae, kuta za vioo. Nilikwenda na kadi zangu 50 za biashara nimezichapisha vizuri. Nilirudi nazo 44.

Kaka mmoja mwenye suti alinisogelea, tukasalimiana, nikaona midomo yake inasema ni watu wa kupima. Nikafurahi, nikamuuliza, "Mnapima viwanja upande gani, Kigamboni au Bagamoyo?" Akanitazama kama nimechanganyikiwa. Alikuwa amesema ni watu wa bima. Jaribuni wenyewe mbele ya kioo: semeni "bima" halafu "pima" bila kutoa sauti. Midomo ni ile ile. Semeni "baba", "mama", "papa". Ni ile ile. Watu wanadhani kusoma midomo ni kama kusoma gazeti, kumbe ni kama kusoma gazeti lililolowa na mvua, nusu ya herufi zimefutika na nyingine unabahatisha kwa kuangalia maneno ya jirani.

Baada ya aibu ile ya bima nikafanya tulichozoea kufanya watu wa aina yangu. Nikawa naitikia. Mtu anaongea, mimi natabasamu, "eeh", "kweli kabisa", nacheka wenzangu wakicheka. Hiyo kazi inachosha kuliko kubeba maji kichwani. Ndani ya saa moja kichwa kilikuwa kinagonga. Nikasogea pembeni nikatazama taa za mji. Nadhani hapo ndipo yule dada alipokuja nyuma yangu akaniita. Nikaondoka kwenda kutafuta bodaboda.

Naomba niwaeleze kidogo kwa nini vifaa havimalizi tatizo, maana hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi. Miwani ukivaa unaona. Kifaa cha sikioni kinakuza sauti, na kinakuza zote: yako, ya dijei, ya vijiko, ya yule anayecheka kwa nguvu meza ya pili. Vipya vinajitahidi kuchuja, na vinasaidia, ila vinafanya kazi vizuri mtu akiwa mbele yangu, karibu, mita moja hivi. Kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti ya msemaji hupungua kama desibeli 6, lakini kelele za ukumbi zenyewe hazipungui. Akirudi nyuma hatua mbili tu, kelele zinammeza.

Halafu masikio yangu hayakupoteza sauti zote sawasawa. Irabu nazisikia. Zinazonipotea ni zile nyembamba: s, sh, f, ch, t, k. Kwa hiyo neno linanifikia likiwa mifupa bila nyama. "Sita" na "tisa" kwangu ni "i-a" na "i-a". Fikiria sasa unapatana bei na mteja. Laki sita na laki tisa.

Baada ya stetasi ile nilijifungia wiki nzima. Kisha nikasema hapana, mwaliko unaofuata namwambia mwandaaji mapema. Nikaandika hivi: "Samahani dada, mimi nina tatizo la kusikia, naomba mnisaidie siku hiyo." Akanijibu haraka sana, na mioyo mitatu: "Usijali mpenzi, tumekuelewa, karibu sana."

Nilipofika walinipokea kwa heshima kweli. Wakanipeleka mbele kabisa, meza ya kwanza, mita moja na nusu kutoka kwenye spika kubwa ya muziki. Kwao, asiyesikia anahitaji sauti kubwa. Nilikaa pale masaa mawili nikiwa nimezima vifaa vyangu vyote.

Nilikasirika, ila rafiki yangu mmoja aliponisikiliza alicheka mpaka akashika tumbo. Yeye ni mhasibu, anatumia kiti mwendo tangu ajali ya pikipiki. Akaniambia, "Wewe uliomba msaada, wakakupa msaada. Hukuwaambia msaada gani."

Akanifundisha anavyofanya yeye. Zamani alikuwa anauliza, "Je, ukumbi unafikika?" Wanamjibu ndiyo. Anafika anakuta ngazi mbili. "Ni mbili tu kaka, vijana watakubeba." Na kweli wanambeba kama maharusi, suti inakunjamana, na mtu wa kwanza anayetaka kumpa kadi ameshamwona ananing'inia mikononi mwa walinzi. Siku hizi hamuulizi mtu maoni yake. Anasema: "Kiti changu kina upana wa sentimita 65, nahitaji milango ya sentimita 80. Naomba unirekodie video ya simu, uanze pale gari linaposimama, upite mlangoni, ufike ukumbini, umalizie ndani ya choo." Video ya dakika moja na nusu. Ile video, anasema, haijui kuongopa. Ameshaona choo kizuri ambacho mlango wake unafungukia ndani ukagonga sinki, na lifti nzuri inayofika ghorofa ya nne wakati hafla iko juu ya paa.

La pili alilonifundisha ndilo lililobadilisha mambo yangu. Alisema, "Kuna hafla huwezi kuzitengeneza. Ziache." Yeye haendi tena hafla za kusimama hata kama ukumbi una njia ya mteremko na lifti juu. Meza zao ni ndefu, watu wamesimama, na yeye usiku kucha anaongea na mikanda ya watu. Anachagua za kukaa: kifungua kinywa, chakula cha mchana, mafunzo ya nusu siku. Pale macho yanalingana.

Nikatafakari kwa upande wangu. Hafla ya watu 150 waliosimama, hata mwandaaji awe malaika, atapunguza muziki, lakini hawezi kuzima midomo 150. Na watu wakisongamana kila mmoja anapaza sauti ili amzidi jirani, jirani naye anapaza. Zile za kuzungushana pia, dakika tatu tatu unahama kiti, zinaonekana nzuri kwa sababu mnakaa wawili wawili. Ila jozi 20 zote zinaongea kwa wakati mmoja chumba kimoja, na dakika ya kwanza yote mimi nakuwa bado nazoea midomo ya mtu mpya. Ninazoziweza ni hizi: meza ya watu sita au chini ya hapo, asubuhi kabla hatujachoka, chumba chenye zulia na mapazia yanayomeza mwangwi. Au kukutana mtandaoni, kila mtu amewasha kamera, anaongea mmoja mmoja, na majina na namba zinaandikwa kwenye gumzo.

Kwa hiyo sasa nikipata mwaliko, kabla ya kusema nakuja nauliza maswali matatu tu. Tutakaa au tutasimama? Kila meza ina watu wangapi? Kutakuwa na muziki wakati wa maongezi? Majibu yakiwa mabaya, nashukuru, nasema sitaweza, na naomba orodha ya waliohudhuria ili niwatumie ujumbe baadaye. Sijifungii tena kulia.

Mwaka jana ukaja mwaliko wa kifungua kinywa cha wafanyabiashara vijana, watu kama 40, meza za duara. Zilikuwa zimebaki siku 12. Nikaandika ujumbe huu, nauweka wote kwa sababu wengi mmewahi kuniomba:

"Habari za kazi dada. Asante kwa mwaliko, ningependa kuja. Nasikia kwa shida, navaa vifaa vya masikioni na nasoma midomo. Nikikaa mahali pazuri naongea na mtu yeyote. Naomba mambo manne. Moja, nikae meza ya watu wasiozidi sita, mbali na spika na mlango wa jikoni, mgongo wangu ukiwa upande wa ukuta au dirisha. Mbili, kila anayeongea na ukumbi mzima atumie maiki, na swali la mtu aliye kwenye kiti lirudiwe kwenye maiki kabla ya kujibiwa. Tatu, muziki uzimwe wakati wa maongezi ya mezani. Nne, nitumiwe orodha ya majina na kazi za watu wa meza yangu siku moja kabla. La kwanza na la pili ni ya lazima kwangu, bila hayo sitaweza kushiriki. Tafadhali nijulishe kufikia Ijumaa yapi yatawezekana, na siku hiyo nimwone nani ukumbini."

Kila kipengele kina sababu. Mgongo ukiwa ukutani nawaona wote usoni na hakuna kelele inayonijia kutoka nyuma. Dirisha likiwa nyuma yangu, mwanga unaangukia nyuso za wenzangu. Likiwa nyuma yao, nyuso zinakuwa vivuli na midomo inapotea. Orodha ya majina ni kwa sababu jina ndilo neno gumu kuliko yote kulisikia, halina maneno ya jirani ya kukusaidia kubahatisha. Nikijua mezani kuna majina matano, sikisii tena, nachagua. Na kusema yapi ni ya lazima kunamsaidia mwandaaji mwenye bajeti ndogo. Haya yangu, tazama, hayana hata shilingi.

Alinijibu siku ya pili. Matatu sawa, ila muziki hakuweza kuahidi kwa sababu kuna mdhamini ameleta dijei wake. Nilipenda jibu lile kuliko mioyo mitatu ya yule wa kwanza. Siku moja kabla nikampigia, nikiwa nimeweka simu kwenye spika na mdogo wangu pembeni, nikahakikisha na jina la kijana atakayenipokea.

Siku yenyewe haikwenda yote kama ilivyopangwa. Msemaji wa kwanza, mzee mmoja anayeheshimika, alisukuma maiki pembeni, "Mimi sauti yangu inatosha bwana." Zamani ningenyamaza. Nilimtazama yule kijana, naye akampelekea mzee maiki tena, "Mzee tunarekodi, tunaomba utumie." Uongo mtakatifu. Saa tatu na nusu dijei akaanza mambo yake na meza yetu ikazama. Nikawaambia wenzangu, "Jamani, hapa siwasikii tena, tuhamie kibarazani?" Wanne kati ya watano wakabeba vikombe vyao. Mmoja akasema afadhali, hata yeye alikuwa hasikii.

Na miongoni mwa majina matano niliyotumiwa, mmoja alikuwa yule dada wa stetasi. Jana yake nililiona jina nikataka kughairi. Kule kibarazani akanigeukia, mita moja, mwanga usoni, nikamsikia kila neno. "Wewe si ndiye uliyenipa mgongo Masaki?" Nikashika nywele, nikamwonyesha kifaa. Akakaa kimya. Kisha akasema, "Sasa kwa nini hukuniambia?" Nikamjibu ukweli: "Ningekuambia saa ngapi dada? Sikujua kama upo."

Hakuomba radhi wadau, msitegemee filamu. Ila alikuwa na kazi, vifungashio vya bidhaa tatu mpya, akataja bei yake. Nikasikia laki sita. Nikampa simu yangu, "Namba naomba uniandikie, hizi ndizo zinanipiga chenga." Akaandika 900,000.

Nakiri kuwa njia yangu haimtoshi kila mtu. Kiziwi anayetumia lugha ya alama, meza ya watu sita bila mkalimani kwake ni meza ya samaki. Huyo anahitaji wakalimani, na kwa shughuli inayozidi saa moja wanahitajika wawili, wanapokezana kila dakika 20 hivi, maana akili ikichoka tafsiri inaharibika. Wapewe majina na hotuba mapema, wasimame karibu na msemaji mahali penye mwanga. Hao hawapatikani kwa siku mbili, ni vyema kuulizia wiki tatu kabla. CHAVITA, chama cha viziwi, ni pa kuanzia. Na yupo kaka mmoja mwenye uoni hafifu niliyefanya naye kazi, yeye ombi lake kubwa ni dogo kweli: mtu anayekuja aseme jina lake kila mara, na anayeondoka aage. Vitambulisho vya kifuani kwake ni karatasi tupu, na ameshamwaga sera dakika mbili nzima kwa kiti ambacho mwenyewe alishaondoka.

Kuna mwandaaji aliwahi kunijibu, "Tukikufanyia wewe itabidi tuwafanyie wote." Tanzania iliridhia mwaka 2009 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na mkataba ule unasema kumnyima mtu marekebisho yanayowezekana bila kuelemea ni ubaguzi. Mwaka uliofuata tukapata sheria yetu wenyewe ya watu wenye ulemavu. Najua hayo, lakini sikumwandikia. Nilimjibu tu kwamba wakihamisha kiti changu hakuna mwingine atakayedai kuhamishwa. Akahamisha.

Mpaka leo kuna wanaosema naringa. Juzi kwenye harusi mama mmoja aliniita mara tatu, mara ya nne akaniacha. Dada yangu ndiye aliyekuja kuniambia. Nikamfuata mama yule mezani kwake, nikapiga goti, nikamwamkia, nikamwambia, "Shikamoo mama, mimi sisikii vizuri, ukiniita niguse bega." Akanishika bega pale pale na hakuliachia mpaka tumemaliza maongezi.

Ni hayo tu wadau. Wale mnaoandaa hafla na mmefika hadi hapa chini, kwenye fomu zenu za kujisajili pale mnapouliza "unakula nyama au samaki", ongezeni mstari mmoja: "Unahitaji nini ili ushiriki vizuri?" Na atakayejaza, msimpe mioyo. Mwambieni yapi yanawezekana na yapi hayawezekani.